Maneno ya Chini ya Slaidi

Chini ya kila slaidi ya PowerPoint kuna kisanduku cha maandishi ambacho hadhira haikioni. Mwenye wasilisho hujiandikia humo mambo ya kukumbuka: takwimu, mfano wa kutoa, swali la kuwauliza watu, onyo la kutopitiliza muda. Semina ikishakwisha, mara nyingi huja ombi la kuigeuza iwe video, ili waliokosa kuhudhuria waitazame kwenye simu zao. Kazi hiyo hupewa mtu mmoja ofisini, naye hufanya jambo ambalo karibu kila mtu hulifanya mara ya kwanza. Anafungua slaidi, anawasha maikrofoni, anasoma kilichoandikwa. Video inatoka, ina sauti na ina maandishi, na mtazamaji anaizima kabla haijafika mbali.

Haizimi kwa sababu sauti ni mbaya. Anaizima kwa sababu ameshamaliza kusoma. Jicho la msomaji wa kawaida hukimbia kuliko mdomo wa msimulizi. Slaidi yenye mistari mitano inapotokea, mtazamaji huifikisha mwisho wakati msimulizi bado yuko mstari wa pili. Kuanzia hapo anasubiri. Na akijizuia ili aende sambamba na sauti, anajikuta akilinganisha neno na neno, anaangalia kama msimulizi ameruka kitu, na akili yake inafanya kazi ya mhakiki badala ya kazi ya kuelewa.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2001 Richard Mayer wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, na wenzake walichapisha utafiti ambamo wanafunzi walitazama katuni fupi inayoeleza jinsi radi inavyotokea. Wote waliona picha na kusikia maelezo. Baadhi yao waliongezewa maandishi kwenye kioo, yakirudia yale yale yaliyokuwa yakisemwa. Waliopewa nyongeza hiyo walikumbuka kidogo zaidi, na walipoulizwa maswali ya kutumia walichojifunza walijibu vibaya zaidi kuliko waliopata picha na sauti tu. Maelezo ya Mayer ni kwamba maandishi huingia kwa njia ya jicho, na jicho ndilo lilitakiwa liwe linatazama picha. Likienda kusoma, picha inapita bila kuonwa.

Hata hivyo utafiti huo usichukuliwe kuwa amri ya kufuta kila neno kwenye kioo. Mwaka 2008 Mayer mwenyewe, pamoja na Cheryl Johnson, walionyesha kwamba maneno mawili au matatu yaliyowekwa karibu kabisa na sehemu ya picha inayozungumzwa yanasaidia kukumbuka. Kwetu sisi hilo lina uzito wa pekee, maana watazamaji wengi wa video za Kiswahili wanakitumia kama lugha ya pili. Neno geni, jina la dawa au kiasi cha kupima viandikwe. Kinachodhuru ni sentensi nzima iliyoandikwa na kusomwa kwa wakati mmoja. Kwa viziwi na kwa anayetazama ndani ya daladala bila sauti, weka manukuu ambayo mtu anaweza kuyawasha na kuyazima mwenyewe, usiyagandishe kwenye slaidi.

Sasa turudi kwenye kile kisanduku cha chini. Wengi wakishajua kwamba slaidi haisomwi, hukimbilia maelezo ya mzungumzaji na kuyasoma hayo. Hili nalo halifai, kwa sababu maelezo yale hayakuandikwa yasikike. Yaliandikwa na mtu anayeijua mada, akijikumbusha mwenyewe, akiwa na ukumbi mbele yake na mkono wa kuonyeshea. Ndani yake mna mambo ya aina tofauti yaliyochanganyika, na kazi ya kwanza ya mwandishi wa skripti ni kuyachambua.

Nitaonyesha kwa slaidi moja. Tuseme afisa ugani amefundisha wakulima namna ya kuhifadhi mahindi yasipate sumukuvu, ile sumu inayotengenezwa na kuvu kwenye nafaka isiyokauka vizuri. Slaidi yake ya nne ina kichwa na vitone vitano:

UKAUSHAJI NA UPIMAJI WA UNYEVU
• Kausha mahindi hadi unyevu wa 13.5%
• Usianike chini. Tumia turubai au kichanja
• Geuza mara kwa mara
• Pima unyevu kwa njia ya chumvi
• Mahindi mabichi hualika kuvu na sumukuvu

Na chini yake, kwenye maelezo ya mzungumzaji, amejiandikia hivi:

"Maswali ya slaidi iliyopita kwanza. SISITIZA 13.5. Waulize: nani huuma punje kupima? Wengi watanyoosha mikono. Waambie meno hayatofautishi 15 na 13. Chupa: theluthi mahindi, chumvi KAVU vijiko 2–3, tikisa dk 1, acha dk 15, angalia kioo. Ikiganda = bado. Angalizo!! isipoganda maana yake chini ya 15, SIYO 13.5. Makueni 2004 kama muda upo. Kabrasha uk. 4."

Kwa mtu anayetaka kuandika skripti, maelezo haya yana thamani kuliko slaidi yenyewe. Ukiyasoma taratibu utaona kwamba "maswali kwanza" na "kabrasha ukurasa wa nne" ni mambo ya ukumbini. Mtazamaji wa video hana kabrasha wala hana wa kumwuliza, kwa hiyo hayo yanaondoka. "Sisitiza" ni agizo kwa msemaji. Haliwi neno la kutamkwa; linamwambia mwandishi kwamba hapa patengewe muda, sentensi fupi na picha inayokaa. Swali la kuuma punje liliandikwa ili watu wanyooshe mikono. Kwenye video hakuna mkono wa kunyoosha, lakini ndani ya swali hilo mna kitu kizuri sana: tabia halisi ambayo mkulima anaijua. Swali linaondoka, tabia inabaki.

Kisha yako maneno "kama muda upo". Ukumbini msemaji huamua papo hapo. Kwenye video hakuna kama. Ama jambo linaingia ama halimo, na mwandishi ndiye anayeamua mapema, akimwuliza mwenye mada pale asipokuwa na uhakika.

Lililo muhimu kuliko yote ni lile angalizo lenye alama mbili za mshangao. Slaidi inasema kausha hadi asilimia 13.5, kisha inasema pima kwa chumvi, na mtu yeyote akiisoma atadhani kwamba chumvi ndiyo inayopima hiyo 13.5. Siyo. Chumvi huganda kwenye kioo pale unyevu wa mahindi unapozidi asilimia 15 hivi. Isipoganda, unajua tu kwamba umeshuka chini ya hapo. Mkulima anayefunga mahindi ya asilimia 14 na nusu ndani ya mfuko usiopitisha hewa amefuata slaidi sawasawa, na bado amekosea. Afisa ugani alilijua hilo, akalisema ukumbini, lakini halikufika kwenye slaidi. Anayesoma slaidi tu kwenye video yake atalipoteza jambo lenye faida kuliko yote yaliyosemwa siku ile.

Kwa hiyo kabla ya kuandika neno lolote, chapisha maelezo yote. Kwenye PowerPoint nenda View kisha Notes Page, utaona kila slaidi juu na maelezo yake chini kwenye ukurasa mmoja, na unaweza kuyachapisha hivyo hivyo. Chukua kalamu. Yaliyo ya ukumbini yapige mstari. Kila jambo lililo chini na halimo juu, lizungushie duara. Mara nyingi skripti yako imo ndani ya miduara hiyo. Kama slaidi haina duara hata moja, mpigie simu mwenye wasilisho na umwulize: hapa ulisema nini? Watu husahau kuandika yale wanayoyajua sana, na simu ya dakika tano huokoa video nzima. Kama hakumbuki, mwombe akusimulie slaidi hiyo kana kwamba anamweleza mtu ambaye hakuhudhuria, nawe urekodi kwenye simu. Kwenye kujisimulia huko ndiko yanakopatikana maneno yanayofaa sikio.

Kazi yenyewe ya kuandika hufanywa kwenye jedwali la safu mbili. Kushoto andika Picha, kulia andika Sauti. Ni utaratibu wa zamani wa watu wa filamu na televisheni, na uzuri wake ni kwamba marudio yanajionyesha yenyewe. Maneno ya kulia yakifanana na ya kushoto, umeyaona papo hapo. Na pale kulia palipo na aya ndefu huku kushoto pana slaidi moja isiyobadilika, unajua kwamba mtazamaji ataachwa akitazama ukuta.

Slaidi yetu ya nne, ikipita kwenye jedwali hilo, haibaki slaidi moja. Inakuwa picha nne. Hivi ndivyo ningeiandika:

Picha: mkono umeshika punje ya mahindi karibu na meno. Hakuna maandishi.
Sauti: "Wengi wetu tukitaka kujua kama mahindi yamekauka, tunauma punje. Ikilia, tunasema tayari. Lakini meno hayawezi kutofautisha punje yenye unyevu wa asilimia kumi na tano na ile ya kumi na tatu na nusu. Na tofauti hiyo ndogo inatosha kuvu kuota."

Picha: chupa ya kioo, mahindi yamefika theluthi, mstari mwekundu umechorwa hapo. Kisha kijiko cha chumvi. Maandishi: vijiko 2–3, dakika 1, dakika 15, kila moja likitokea kwa zamu yake.
Sauti: "Chukua chupa ya kioo, safi na kavu. Tia mahindi mpaka kwenye mstari huu, theluthi ya chupa. Ongeza chumvi. Nayo iwe kavu, maana chumvi yenye unyevu itaganda yenyewe na kukudanganya. Funga, tikisa kwa nguvu, kisha iache itulie."

Picha: chupa mbili zimesimama pamoja. Ya kushoto kioo kimetapakaa chumvi, ya kulia kisafi.
Sauti: "Tazama ya kushoto. Chumvi imevuta maji kutoka kwenye punje, ikanata kwenye kioo. Mahindi haya yarudi juani. Ya kulia, chumvi yote imeshuka chini."

Picha: chupa safi peke yake. Juu yake namba 15%, na mshale unaoshuka hadi 13.5%.
Sauti: "Lakini usifunge mfuko bado. Chupa safi inakuambia umeshuka chini ya namba ya juu. Mahindi ya kuweka kwenye mfuko usiopitisha hewa yanatakiwa yafike namba ya chini. Anika tena, na kama kuna kipimo cha unyevu sokoni au kwenye ghala la karibu, peleka punje kidogo zikapimwe."

Linganisha na slaidi ya mwanzo. Hakuna kitone hata kimoja kilichosomwa, na hakuna kilichopotea isipokuwa turubai na kugeuza, ambavyo nimevihamishia kwenye picha za slaidi iliyotangulia, ile ya kuanika. Mkulima akiona mahindi yametandazwa juu ya turubai na mtu akiyageuza kwa mkono, ameshaambiwa. Sauti haina haja ya kumwambia tena.

Angalia pia jinsi kazi ilivyogawanywa kwenye picha ya pili. Viasi vimeandikwa, sauti haivitaji. Anayetaka kujua ni vijiko vingapi atasimamisha video na kuangalia, na namba itakuwa pale pale. Sauti imechukua jambo ambalo picha haiwezi kulionyesha: kwa nini chumvi iwe kavu. Ndiyo kanuni ninayoishika kuliko nyingine. Kioo kibebe kile ambacho mtu atataka kukirudia kukitazama, yaani namba, jina, umbo na mpangilio. Sauti ibebe sababu, mfuatano, onyo, na lile neno "lakini" linalogeuza maana. Hakuna slaidi inayoweza kusema "lakini" vizuri kama sauti ya mtu.

Ila kanuni hiyo ina mpaka. Kama video hiyo itasikilizwa pia na wasioona, au itarushwa redioni, viasi lazima vitamkwe. Hapo ruhusu marudio hayo machache, kwa kujua unachofanya.

Makueni niliamua iingie, ila siyo hapa. Mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliwadhuru watu mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui. Waliougua walirekodiwa 317 na waliofariki 125. Jambo zito namna hiyo haliwekwi katikati ya maelezo ya chupa. Nimelipeleka mwanzo wa video, ili mtazamaji ajue kwa nini anapoteza robo saa akisubiri chumvi itulie. Na hapo pana somo jingine la kuandikia sauti. Slaidi ya Makueni inaonyesha namba zote mbili. Msimulizi akisema "watu mia tatu kumi na saba waliugua na mia moja ishirini na tano walifariki", amesoma slaidi. Badala yake anasema: "Katika kila watu kumi waliougua, karibu wanne hawakupona." Jicho linaona namba, sikio linapata maana yake, na vyote viwili vinakutana kichwani mwa mtu kwa wakati mmoja.

Namba zinastahili uangalifu zaidi katika Kiswahili. Kwenye karatasi 317 ni tarakimu tatu. Mdomoni ni silabi tisa. Mwaka 1987 unatamkwa elfu moja mia tisa themanini na saba, na sentensi yenye miaka miwili na asilimia moja humaliza pumzi ya msimulizi kabla haijamaliza maana. Kwa hiyo kwenye safu ya Sauti namba ziandikwe kwa maneno, vile zitakavyotamkwa. "13.5%" iandikwe "asilimia kumi na tatu na nusu". Ukiiandika kwa tarakimu, msimulizi mmoja atasema "nukta tano", mwingine "na nusu", na mwingine atasimama kidogo kufikiri, na kile kisimamo kitasikika. Vivyo hivyo vifupisho. Dk, uk, kg na mm havina sauti.

Jambo la pili la lugha ni nafsi. Maelezo ya mzungumzaji huwa na "mnaona", "mmeelewa?", "ninyi wa Kongwa mnajua". Video hutazamwa na mtu mmoja mmoja, simu mkononi. Badilisha iwe "unaona", "chukua", "tazama". Ni herufi chache tu, lakini msimulizi anayesema na wewe na anayesema na umati hawasikiki sawa. Maneno kama "kama nilivyosema asubuhi" na "tutaona baada ya chai" nayo yatafutwe moja moja na kuondolewa. Mtazamaji hakuwapo asubuhi.

"Hapa" na "hii" yanahitaji macho makali zaidi. Ukumbini msemaji anaponyoosha kidole, neno "hapa" limekamilika. Kwenye video linakamilika tu kama kuna mstari, mshale au duara linalotokea kwenye sekunde hiyo hiyo. Ndiyo maana kwenye jedwali nimeandika mstari mwekundu upande wa Picha kabla ya kuandika "mstari huu" upande wa Sauti. Kila "hapa" upande wa kulia iwe na alama yake upande wa kushoto, la sivyo taja kitu kwa jina lake.

Kuhusu urefu, usiamini hesabu za maneno kwa dakika zilizotolewa kwenye vitabu vya Kiingereza. Neno moja la Kiswahili, kama "hawakutuambia", hubeba kile ambacho Kiingereza hukigawa katika maneno manne au matano, kwa hiyo maneno yetu ni machache na marefu. Njia ya uhakika ni kumpa msimulizi wako aya moja, asome kwa utulivu huku ukipima kwa simu, kisha uhesabu maneno. Kiwango hicho ndicho chako. Skripti ya slaidi ya nne hapo juu, kwa msimulizi asiye na haraka, inakaa kwenye dakika moja na nusu hivi, na hiyo kwa slaidi moja yenye picha nne si nyingi. Ikizidi dakika mbili, tafuta mahali pa kuikata iwe mbili.

Kwenye kurekodi kuna jambo la kiufundi ambalo hubadilisha namna ya kuandika. PowerPoint huhifadhi sauti slaidi kwa slaidi, na hairekodi wakati slaidi moja inapobadilika kuwa nyingine. Sentensi inayoanzia slaidi ya nne na kuishia ya tano itakatwa katikati. Kwa hiyo kila kipande cha safu ya Sauti kiishe na nukta kabla ya picha kubadilika, na msimulizi anyamaze kidogo kabla ya kubonyeza. Faida yake ni kwamba ukikosea slaidi moja unairudia hiyo tu. Mwishoni, kwenye File, Export, Create a Video, hakikisha umechagua Use Recorded Timings and Narrations. Slaidi uliyosahau kuirekodi itapewa muda wa kawaida, ambao usipoubadilisha ni sekunde tano, na itapita kimya bila kukuonya.

Skripti ikishakamilika, ijaribu kwa njia mbili kabla ya kumwita msimulizi. Kwanza msomee mtu asiyeijua mada bila kumwonyesha picha. Akielewa kila kitu bila kukosa chochote, picha zako ni mapambo, na pengine umezisoma. Anapaswa kukwama mahali fulani na kuuliza: mstari upi, chupa ipi? Kisha mwonyeshe picha bila kumsomea, naye aseme anachokiona. Akikueleza somo zima, slaidi bado zimejaa maandishi, rudi ukayapunguze. Akisema "naona chupa mbili, moja imechafuka, sijui kwa nini", umepatia.

Kuna kosa la upande wa pili ambalo huwapata walioelewa nusu. Wanaacha slaidi na vitone vyake vyote kama ilivyokuwa, kisha wanaandika sauti inayosema mambo mengine kabisa ili wasionekane wanasoma. Hili ni baya kuliko kusoma. Mtazamaji anasoma habari za turubai huku akisikia habari za chumvi, na hapati hata moja. Utalitambua kwenye jedwali: soma mstari mmoja wa kulia, tazama kushoto, jiulize kama jicho lingekwenda kwenye kitu kinachotajwa. Kama lingekwenda kwingine, kitu hicho cha kwingine kiondoke. Huwezi kurekebisha sauti peke yake na kuiacha slaidi. Anayekupa kazi ya skripti lazima akuruhusu kugusa slaidi pia, na ni vizuri makubaliano hayo yafanywe siku ya kwanza, maana wenye mawasilisho huzipenda slaidi zao na hawafurahi kuona vitone vinaondolewa. Waonyeshe jedwali; wakiona kwamba kila kitone kimehamia mahali fulani na hakikupotea, wengi hukubali.

Na kama baada ya kuchambua umekuta slaidi isiyo na duara hata moja, isiyo na picha ya kuonyesha, na mwenyewe hana la kuongeza, usiilazimishe kuwa video. Igeuze PDF, itume kwa watu waisome wenyewe kwa dakika mbili, na muda wa kurekodi uupeleke kwenye ile chupa ya chumvi.